Kabla ya kutia sinyatire: dosye ya kupokea kituo cha pompe

Siku ya kupokea kituo kipya cha pompe ni siku ya furaha. Shefu wa kijiji amekuja, wamama wamevaa vitambaa vizuri, watoto wamejaa kando ya rezervwari. Fundi anawasha motere, maji yanaruka kutoka kwenye tiyo, watu wanapiga makofi. Kisha fundi anafungua karatasi juu ya meza ndogo na kumwambia prezida wa koperative: “Papa prezida, mayi iko natoka muzuri. Tia sinyatire hapa.”

Prezida anatia. Jioni gari la kampuni linarudi Likasi.

Mwaka wa pili, mwezi wa tisa, vitunguu viko shambani na mvua bado iko mbali. Wakulima wa mfereji wa mwisho wanaanza kulalamika: “Mayi haifike tena kwetu.” Kamati inakwenda kuangalia. Motere inanguruma, maji yanatoka. Mmoja anasema yamepungua, mwingine anasema hapana, ni wale wa mfereji wa kwanza wanaochukua mengi. Wanampigia simu fundi, naye anauliza swali moja tu: “Siku tulipowapa kituo, pompe ilikuwa natoa mayi ngapi kwa saa?” Hakuna anayejua, kwa sababu siku ile hakuna aliyepima, au aliyepima alikwenda na daftari lake.

Makala hii inaeleza namna ya kuepuka siku kama hiyo. Tunazungumza juu ya dosye ya kupokea kituo: namna ya kufanya majaribio, kuandika namba, kuandika kazi zilizobaki, na kupanga kitabu cha kazi cha mwendesha pompe. Tutatumia kituo cha mfano hapa Kapolowe, kando ya ziwa la Tshangalele. Namba za kituo hicho tumezipanga sisi wenyewe ili hesabu ionekane vizuri. Kituo chenu kitakuwa na namba zake, lakini njia ya kuzipata na kuzisoma ni ile ile.

Kituo chetu cha mfano

Kuna motere moja ya mazutu inayozungusha pompe moja. Pompe imekaa juu ya sima, mita 4 juu ya maji ya ziwa. Tiyo ya kuvuta inashuka mpaka ziwani, na kwenye mwisho wake kuna krepini, yaani kile kichungio cha chuma chenye klape ndani. Krepini inazuia majani yasiingie, na klape inazuia maji yasirudi ziwani pompe ikisimama. Upande wa pili, tiyo ya kusukuma inapanda mita 300 mpaka rezervwari kilimani, mita 17 juu ya pompe. Kutoka rezervwari maji yanateremka yenyewe kwenye mifereji ya bustani.

Kwenye pompe kuna saa mbili za kupima nguvu, ambazo mafundi wanaita manometa. Moja iko upande wa kuvuta, nyingine upande wa kusukuma. Ile ya kusukuma lazima iwekwe kati ya pompe na vane kubwa, si baada ya vane. Mtaona sababu yake hapa chini. Kama kampuni imeleta kituo bila manometa hizi mbili, msiendelee na sherehe. Pompe isiyo na manometa ni kama mgonjwa asiyeweza kumwonyesha munganga mahali panapouma.

Majaribio: ni nini kinapimwa

Jaribio la kwanza linafanywa kabla ya kufukia tiyo. Fundi anajaza maji kwenye tiyo yote, anatoa hewa, kisha anaongeza nguvu mpaka mara moja na nusu ya nguvu ya kazi ya kila siku. Anaacha hivyo saa moja au mbili. Wakati huo mwendesha pompe wenu anatembea mita zote 300 na kuangalia kila mahali tiyo zilipounganishwa. Penye unyevu, hapo patafunguliwa na kufanywa upya. Wakifukia mfereji kabla ya jaribio hili, kuvuja kutaonekana baada ya miezi, na kuchimba kutakuwa kazi yenu, si yao.

Jaribio la pili ni la klape ya krepini. Jaza maji kwenye pompe, washa, fanya kazi saa moja, zima. Acha usiku kucha. Asubuhi washa bila kuongeza maji hata lita moja. Kama pompe inashika maji mara moja, klape ni nzima. Kama inazunguka kavu, klape inaachia maji. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu pompe inayozunguka kavu inaharibu mahali pa kuzuia maji kwenye shimo la ekseli ndani ya dakika chache tu.

Jaribio la tatu ni la vane iliyofungwa. Pompe ikiwa inazunguka kwa mwendo wake wa kawaida, fundi anafunga vane kubwa polepole mpaka mwisho. Anasoma manometa zote mbili, halafu anafungua tena. Isipite dakika moja, maana maji yaliyofungiwa ndani ya pompe yanapata moto. Kwenye kituo chetu cha mfano manometa ya kusukuma inaonyesha bar 3,1 na ile ya kuvuta inaonyesha bar 0,4. Jumla ni bar 3,5. Hii ndiyo nguvu yote ya pompe ikiwa mpya. Shikeni namba hii, kwa sababu tutairudia.

Pamoja na namba hiyo, andikeni mwendo wa motere, yaani inazunguka mara ngapi kwa dakika. Fundi ana chombo kidogo cha kuupima. Mwendo ukipungua kidogo tu, nguvu inapungua zaidi: motere ikipoteza sehemu 10 kwa mia za mwendo, pompe inapoteza karibu 19 kwa mia za nguvu. Kwa hiyo namba ya nguvu bila namba ya mwendo haina maana.

Jaribio la nne ndilo wakulima wanalongojea: ni maji kiasi gani yanafika juu? Hapa hamhitaji chombo cha bei. Mnahitaji mita ya fundi sima, chaki na saa ya mkononi. Rezervwari yetu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 ndani. Funga mlango wa chini ili maji yasitoke. Weka alama ya chaki mahali maji yalipo, na alama nyingine nusu mita juu yake. Mita 5 mara 4 mara nusu ni mita kibe 10, yaani lita 10 000. Hesabu dakika ambazo maji yanatumia kutoka alama ya kwanza mpaka ya pili. Kwetu zilikuwa dakika 20. Basi kwa saa moja pompe inaleta mita kibe 30.

Wakati huo huo mtu wa pili anasimama kwenye pompe na kuandika manometa: kusukuma bar 2,1, kuvuta bar 0,45. Mtu wa tatu anapima maji ya ziwa yako chini kiasi gani kutoka kwenye sima ya pompe. Namba zote zinachukuliwa katika nusu saa moja. Namba ya Jumatatu na namba ya Ijumaa haziwezi kusomwa pamoja.

Jaribio la tano ni la kazi ndefu: saa 8 bila kuzima. Jaza tanki la mazutu mpaka alama, na mwishoni ongeza kwa kipimo mpaka alama ile ile. Kama mmeongeza lita 10, motere imekula lita 1 na robo kwa saa. Kwa saa hizo 8 maji yaliyopanda ni mita kibe 240. Kwa bustani ya mboga wakati wa kiangazi, mkihesabu mita kibe 80 kwa hekta kwa siku pamoja na maji yanayopotea kwenye mifereji, hiyo inatosha hekta 3. Kama kampuni iliwaahidi hekta 5, hesabu hii ndiyo mahali pa kuwauliza.

Katika saa hizo 8, wekeni mkono juu ya nyumba ya rulema, pale ekseli inapokaa. Ukiweza kuacha mkono hapo bila shida, ni sawa. Ukiuondoa kabla ya kuhesabu mpaka tano, kuna moto uliozidi: huenda motere na pompe hazikupangwa kwenye mstari mmoja. Angalieni pia pale ekseli inapoingia kwenye pompe. Kama pamezuiwa kwa kamba ya kufunga maji, lazima padondoke tone moja moja, karibu tone moja kila sekunde. Watu wengi wakiona matone wanakaza bulo mpaka pakauke. Hiyo ni kuua pompe: kamba kavu inakata ekseli.

Namba zinasema nini baadaye

Sasa turudi kwa wale wakulima wa mfereji wa mwisho. Fikiria kwamba koperative yao ilikuwa na karatasi hii moja:

Vane imefungwa: kusukuma 3,1, kuvuta 0,4, jumla 3,5
Vane wazi: kusukuma 2,1, kuvuta 0,45
Kupanda nusu mita kwenye rezervwari: dakika 20
Maji ya ziwa chini ya sima ya pompe: mita 4
Mazutu: lita 1 na robo kwa saa
Mwendo wa motere: umeandikwa

Mwezi wa tisa wanapima tena. Nusu mita ya rezervwari inachukua dakika 22 na nusu. Kwa hiyo pompe inaleta karibu mita kibe 27 kwa saa badala ya 30. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo kwenye mdomo wa tiyo. Lakini kwa siku nzima ni karibu mita kibe 27 zimepotea, maji ya theluthi ya hekta. Hao ndio watu wa mfereji wa mwisho.

Wanafunga vane na kusoma: jumla bado ni 3,5, na mwendo wa motere haujabadilika. Basi pompe yenyewe ni nzima. Hakuna haja ya kuifungua, wala ya kununua kitu Likasi. Wanafungua vane na kusoma tena: kusukuma bar 2,0, kuvuta bar 0,7. Upande wa kuvuta umepanda sana, kutoka 0,45 mpaka 0,7. Wanapima ziwa: maji bado yako mita 4 chini, hayakushuka. Ndani ya pompe inasikika sauti kama ya changarawe. Maana yake pompe inavuta kwa shida, kitu kimezuia njia. Wanazima, wanatoa krepini, na wanaikuta imefunikwa na majani na matope. Wanaisafisha kwa saa moja. Nusu mita inarudi kwa dakika 20.

Kazi hiyo haikula makuta yoyote. Bila karatasi, wangeweza kumlipa fundi, kusafirisha pompe mpaka Likasi, na kukaa siku kumi bila maji wakati wa vitunguu.

Namba zinaweza pia kusema mambo mengine. Kama jumla ya vane iliyofungwa imeshuka, kwa mfano kutoka 3,5 mpaka 3,1, na mwendo wa motere ni ule ule, gurudumu la ndani ya pompe limelika: anzeni kutafuta makuta ya kulibadilisha. Kama jumla hiyo ni nzuri lakini vane ikiwa wazi manometa ya kusukuma imepanda kupita 2,1, njia ya kupanda imezibwa: labda vane moja imefungwa nusu, au kuna takataka kwenye tiyo. Kama jumla ni nzuri, manometa ya kusukuma imeshuka na ya kuvuta imepanda kidogo tu, tembeeni juu ya tiyo mkitafuta mahali penye matope wakati wa kiangazi: tiyo imepasuka. Na kama sindano ya kuvuta inatetemeka bila kutulia, hewa inaingia mahali fulani kwenye tiyo ya kuvuta.

Rezerve: kazi ambazo hazijaisha

Katika desturi ya kazi za ujenzi katika nchi yetu, kituo kinapokelewa mara mbili. Kwanza kuna resepsyo proviswari, pale kazi inapoonekana imeisha. Baada ya muda wa garanti, mara nyingi mwaka mmoja, kuna resepsyo definitivu. Kati ya hizo mbili, mwenye kutoa makuta anashika sehemu ya malipo ya kampuni, mara nyingi 5 mpaka 10 kwa mia. Makuta hayo yanatoka tu kama kazi zilizobaki zimekwisha. Kazi hizo zinaandikwa kwenye PV, na zinaitwa rezerve.

Kutia sinyatire si vibaya hata kama kuna rezerve. Kituo kinaweza kuanza kazi wakati rangi ya mlango bado haijapakwa. Ubaya ni rezerve iliyoandikwa kama hewa. “Kampuni itarekebisha kasoro ndogo” si rezerve, maana hakuna atakayejua kasoro gani, nani, na lini. Rezerve nzuri ina mambo manne: kitu gani, mahali gani, nani atakifanya kwa gharama ya nani, na tarehe ya mwisho. Mimi naongeza la tano: tutajuaje kwamba kimekwisha? Kwa mfano: “Klape ya krepini inaachia maji. Kampuni itaibadilisha kwa gharama yake kabla ya tarehe 15. Itahesabiwa imekwisha pale pompe itakapowaka asubuhi tatu mfululizo bila kuongezwa maji.”

Tofautisheni rezerve zinazoruhusu kuanza kazi na zile zinazozuia. Motere bila kifuniko kwenye sehemu zinazozunguka, waya uko wazi, tiyo inavuja, namba hazikupimwa: hapo msitie sinyatire. Mwambieni fundi kwa heshima: “Mukubwa, hatukatae kazi yenu. Tupime kwanza, kisha tutatia.” Fundi anayejua kazi yake hatakasirika, kwa sababu namba hizo zinamlinda yeye pia. Mkija kulalamika baadaye, ataonyesha kwamba aliacha kituo kikiwa kizima.

Kwa Kapolowe kuna rezerve mbili ambazo mara nyingi zinasahauliwa.

Ya kwanza ni kipimo cha maji yakiwa chini. Ziwa la Tshangalele lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, na maji yake yanapanda na kushuka kwa mvua na kwa kazi ya turbine. Ni ziwa lisilo na kina kirefu, kwa hiyo likishuka kidogo ukingo unakwenda mbali. Mkipokea kituo mwezi wa nne, mvua ikiwa imetoka kwisha, maji yako mita 4 chini na kila kitu kinakwenda vizuri. Lakini mwezi wa kumi yanaweza kuwa chini zaidi. Kumbukeni kwamba pompe haivuti maji kama kamba: inapunguza nguvu ndani ya tiyo ya kuvuta, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji kupanda. Pwani ya bahari hewa inaweza kupandisha maji mita 10 kwa hesabu ya vitabu. Hapa kwetu, karibu mita 1 100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na hesabu inabaki mita 9. Kwa pompe ya kweli, yenye krepini na tiyo yake, msitumaini kupita mita 5 au 6. Maji yakishuka mita moja na nusu, kituo chetu cha mfano kinafika mita 5 na nusu, mpakani kabisa. Basi andikeni: “Majaribio ya vane iliyofungwa na ya rezervwari yatarudiwa mwezi wa kumi, mbele ya kampuni. Kama pompe inapiga kelele au maji yanapungua kupita kiasi kilichoahidiwa, kampuni itateremsha pompe.” Rezerve hii inabaki wazi miezi sita, na iko ndani ya mwaka wa garanti. Ndiyo sababu muda wa garanti upite kwenye kiangazi kimoja kizima.

Ya pili ni kipimo cha maji yenyewe. Maji yanayoingia Lufira yanapita pia sehemu za Likasi zenye viwanda vya shaba na kobalti. Ombeni kwamba maji yachukuliwe kwenye chupa safi mahali krepini ilipo, yapelekwe laboratware, na matokeo yake yawekwe kwenye dosye. Yapimwe asidi yake, shaba na kobalti. Karatasi hiyo ikiwepo tangu siku ya kwanza, na mboga zikianza kuwa njano baadaye, mtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Kitabu cha kazi cha mwendesha pompe

Kampuni nyingi zinaacha kitabu kikubwa cha mwenye kutengeneza motere, kwa Kifaransa au lugha nyingine. Kiwekeni kwenye dosye, kitahitajika kwa namba za vipuri. Lakini hicho si kitabu cha kituo chenu. Kitabu cha kituo kinaandikwa kwa Swahili, na kinaweza kuwa na kurasa kumi tu. Kama hakipo siku ya kupokea, nacho ni rezerve. Tunapendekeza sehemu sita.

Sehemu ya kwanza ni plani ya kituo iliyochorwa kwa mkono, kila vane ikiwa na namba. Namba ile ile ipakwe rangi juu ya vane yenyewe. Hapo mtu anaweza kuambiwa kwa simu, “funga vane ya 3,” na asifunge nyingine.

Sehemu ya pili ni kuwasha. Angalia mafuta ya motere, maji ya kupoza na mazutu. Angalia kama pompe imejaa maji. Vane kubwa iwe imefungwa. Washa, ngoja motere itulie, kisha fungua vane polepole huku ukiangalia manometa. Kama manometa ya kusukuma haipandi ndani ya dakika moja, zima. Pompe haina maji ndani.

Sehemu ya tatu ni kuangalia wakati wa kazi, pamoja na kaye ya kila siku. Kila siku mwendesha pompe anaandika tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, mazutu aliyotia, manometa mbili, na sinyatire yake. Siku ya kwanza ya kila mwezi anafanya kipimo cha rezervwari na cha vane iliyofungwa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye zinabandikwa namba za siku ya kupokea, ili kila mwezi azisome pamoja.

Sehemu ya nne ni kuzima. Funga vane polepole kwanza, ndipo uzime motere. Ukizima ghafla vane ikiwa wazi, maji yote ya mita 300 yanarudi na kupiga pompe kama nyundo, na hapo ndipo tiyo na klape zinapopasuka.

Sehemu ya tano ni matunzo kwa saa za kazi: kubadilisha mafuta, filtere, kutia grese, kusafisha krepini. Saa hizo zichukuliwe kwenye kitabu cha mwenye motere yenu, si kwa fundi wa jirani mwenye motere nyingine. Hapo pia kuna orodha ya vipuri vinavyobaki kituoni na mahali vinaponunuliwa.

Sehemu ya sita ni jedwali la magonjwa, kama lile tulilolieleza hapo juu: ukiona namba hizi, angalia hapa. Pamoja nalo kuna majina na simu za watu wa kuita, kwa mpangilio.

Nani anashika dosye

Dosye ikikamilika ina PV ya kila jaribio yenye sinyatire za pande zote, orodha ya rezerve, plani, karatasi za garanti, kitabu cha mwenye motere na kitabu cha kituo. Fanyeni kopi tatu. Moja kwa sekretere wa koperative, moja kwa mwenye kutoa makuta, na moja ikae ndani ya kituo kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mazutu. Prezida akibadilishwa, dosye isiende naye nyumbani. Inapitishwa mbele ya mkutano, ukurasa kwa ukurasa, kama kituo kilivyopokelewa.

Jambo la mwisho: mwendesha pompe wenu ndiye ashike saa na chaki siku ya majaribio, si fundi wa kampuni. Fundi asimame pembeni na kumsahihisha. Kama kijana wenu ameweza kuwasha, kupima, kuandika na kuzima mara tatu peke yake, mafunzo yamekwisha, na hilo pia liandikwe kwenye PV. Kama hajaweza, ni rezerve ya kwanza kabisa kwenye orodha.